Hoja ya Nne Hatukuifuata

Barua yangu ya kwanza ya kuwajibu wapitiaji haikujaza hata ukurasa mmoja. Hoja zilikuwa 14, na karibu zote nilizijibu kwa neno lilelile: "Tumerekebisha." Siku mbili baadaye mhariri aliirudisha na swali moja tu: mmerekebisha nini, na kiko wapi? Nilikuwa nimefanya kazi ya wiki sita. Nilichora upya majedwali mawili na kuandika sehemu ya mbinu kuanzia mwanzo. Lakini kwa yeye aliyeshika barua ile, ilikuwa kama sijagusa kitu.

Jarida lenyewe silitaji. Kosa halikuwa lao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupita njia hii, mambo huenda hivi. Mtafiti akimaliza kazi hupeleka andiko lake kwenye jarida la kitaaluma. Mhariri hulituma kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, ambao mara nyingi majina yao hufichwa. Hao ndio wapitiaji. Kila mmoja huandika ripoti: hapa pana kasoro, hapa sikuelewa, hapa ongezeni kipimo. Mhariri husoma ripoti na kuamua. Andiko linaweza kukubaliwa, jambo ambalo kwa mara ya kwanza ni nadra, au kukataliwa, au kurudishwa kwa marekebisho madogo ama makubwa. Wengi wakiona "marekebisho makubwa" hudhani wamekataliwa, wakaliweka andiko kabatini. Sivyo. Mlango umeachwa wazi, na mwandishi anatakiwa arudi na vitu vitatu: andiko jipya likiwa safi, nakala nyingine yenye alama za kila kilichobadilika, na barua ya kujibu hoja moja baada ya nyingine.

Barua hiyo ndiyo isiyofundishwa. Mwanafunzi hufundishwa kuandika ikisiri, mbinu na matokeo, kisha siku ripoti za wapitiaji zinapofika anaachwa peke yake na hasira zake. Na hasira huwepo. Ndiyo maana wazoefu husoma ripoti mara moja, wakaifunga, wakaenda zao kulala. Kesho yake nusu ya yale yaliyoonekana matusi huonekana maswali ya kawaida.

Jambo la kwanza la kujua ni nani atakayeisoma barua. Imeandikwa kana kwamba inaongea na wapitiaji, ila msomaji wake wa kwanza ni mhariri. Yeye ana maandiko mengine mengi mezani, hakumbuki kurasa za andiko lako, na anatafuta jambo moja: hoja hii imefungwa au bado iko wazi? Akiridhika kwamba zote zimefungwa, anaweza kuamua bila hata kuwarudishia wapitiaji. Akilazimika kufungua andiko, kuhesabu mistari na kulinganisha nakala mbili ili ajue ulichofanya, atawaachia wapitiaji kazi hiyo, nao watakuja na hoja mpya. Kwa hiyo kila jibu lazima liweze kusimama lenyewe, mtu alisome na amalize bila kufungua kitu kingine.

Tuchukue mfano. Ni wa kutunga, na tarakimu zake ni za kutunga pia, ila hoja zenyewe hutoka kila siku. Watafiti wawili wa kilimo wamelinganisha njia mbili za kuhifadhi mahindi: kiroba cha kawaida na mfuko usiopitisha hewa, ule wenye tabaka za nailoni ndani yake. Adui wao ni dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambaye wakulima wengi wanamwita skania. Ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, wadudu humaliza hewa waliyo nayo na kuacha kula. Watafiti wetu waliwapa watu wa kaya 60 mfuko mmoja wa kila aina, wakarudi baada ya miezi sita kuhesabu punje zilizotobolewa. Katika viroba walikuta wastani wa punje 24 katika kila 100, na katika mifuko isiyopitisha hewa 5. Tofauti ni 19. Wakaandika, wakapeleka, wakasubiri. Zikaja ripoti mbili.

Barua huanza kwa maneno machache kwa mhariri: shukrani ya sentensi moja, kisha mabadiliko makubwa matatu au manne kwa ufupi, kisha maelezo ya jinsi ya kuisoma. Kwa mfano, "Maneno ya wapitiaji tumeyanukuu yote kwa herufi nzito. Namba za kurasa na mistari ni za nakala safi." Hapo ndipo hoja zinapoanza, na kila moja inapewa namba. Namba 2.2 ni hoja ya pili ya mpitiaji wa pili. Kama mpitiaji amemwaga aya ndefu yenye maswali matatu ndani yake, unaikata mara tatu. Huruhusiwi kuifupisha kwa maneno yako, maana hapo ndipo waandishi huficha swali gumu chini ya swali jepesi, na mpitiaji hukumbuka alichouliza.

Hii hapa hoja waliyoikubali.

> Hoja 2.2. "Ikisiri inasema kaya 60, lakini Jedwali la 2 lina kaya 53. Kaya saba zimekwenda wapi? Kama zimeondoka kwa sababu inayohusiana na matokeo, wastani wa waandishi hauaminiki."
>
> Jibu: Mpitiaji yuko sahihi. Kaya 7 zilifungua mfuko usiopitisha hewa kabla ya miezi sita kwa sababu ya kuishiwa chakula, na mahindi yaliliwa kabla hatujachukua sampuli. Hatukulieleza hilo. Sasa ikisiri inataja kaya 60 zilizoanza na 53 zilizopimwa (uk. 1, mst. 14–16), na sababu za kaya 7 kutopimwa zimeelezwa (uk. 6, mst. 131–138). Aidha, tumepiga hesabu tukichukulia kwamba katika kaya hizo 7 mifuko miwili haikutofautiana kabisa. Tofauti inashuka kutoka punje 19 hadi karibu 17 katika kila 100 (uk. 9, mst. 202–204). Tumeongeza pia maneno haya (mst. 205–209): "Matokeo haya yanahusu kaya zilizoweza kuuacha mfuko umefungwa kwa miezi sita. Kaya zilizoufungua mapema zilikuwa na mavuno madogo zaidi, na kwao hatuwezi kusema mfuko ungesaidia kiasi gani."

Angalia jinsi jibu linavyotembea. Neno la kwanza linajibu swali: yuko sahihi. Halafu linasema kilichotokea, bila kona. Halafu kilichofanyika, na mahali pake. Mwisho linaweka maneno mapya yenyewe, ili mhariri asihitaji kuyafuata kwenye andiko. Hesabu nayo inaweza kukaguliwa hapo hapo: kaya 53 mara 19 ni 1,007, ongeza sifuri ya kaya 7, gawa kwa 60, unapata 16.8. Mhariri mwenye kalamu ataimaliza kwa nusu dakika, na akishaona hesabu moja imekaa sawa, ataziamini nyingine.

Kulikuwa na njia ya mkato. Wangeweza kuandika kwamba kaya 7 "ziliondolewa kwa sababu za kiufundi." Nimeliona jibu la namna hiyo mara nyingi, na mara nyingi mpitiaji hulirudia swali lake kwa ukali zaidi. Tena hapa wangepoteza kitu cha thamani. Njaa iliyofungua ile mifuko saba ni habari kuhusu mfuko wenyewe: unamsaidia mwenye akiba ya kutosha kuuacha umefungwa. Mtu wa ugani anayepita vijijini angetaka kulijua hilo kuliko wastani wowote. Mpitiaji aliuliza kwa kushuku, na andiko likatoka bora kuliko lilivyoingia.

Sasa upande mgumu. Mpitiaji wa kwanza, katika hoja yake ya nne, alitaka kitu ambacho watafiti hawakupaswa kukifanya. Walikuwa wamepima pia uotaji wa mbegu. Kwenye mfuko usiopitisha hewa mbegu 88 katika 100 ziliota, kwenye kiroba 86, nao wakaandika kwamba njia hizo mbili "hazina tofauti" katika uotaji. Mpitiaji akataka wakokotoe nguvu ya kitakwimu ya utafiti kwa kutumia tofauti ile ile waliyoiona, ili ijulikane kama kaya zilitosha.

Nguvu ya kitakwimu ni jambo rahisi likielezwa taratibu. Kabla ya utafiti unajiuliza: kama kweli kuna tofauti ya ukubwa fulani, utafiti wa kaya 60 una nafasi gani ya kuiona? Ni swali zuri, na mahali pake ni kabla ya kuanza. Ukilipeleka baada ya kazi, na ukatumia tofauti uliyoipata kama kipimo, unazunguka palepale. Tofauti ikiwa ndogo, nguvu itatoka ndogo siku zote, kwa sababu imepikwa kutokana na matokeo hayohayo. Ni kama mvuvi aliyerudi mtupu, akaulizwa wavu wake ni mzuri kiasi gani, naye akaupima kwa kuhesabu samaki aliowapata. Mwaka 2001 John Hoenig na Dennis Heisey waliandika makala inayotajwa sana kuhusu kosa hili, lakini wapitiaji wanaendelea kuliomba, wengi wao kwa nia njema.

Hapa mwandishi ana njia tatu. Anaweza kutii na kuweka hesabu isiyo na maana, akijua haina maana. Vijana wengi hufanya hivyo, nami nimewahi kufanya. Anaweza kuandika kwamba mpitiaji haelewi takwimu, na huenda ni kweli, ila kuanzia hapo hakuna atakayemsikiliza. Au anaweza kutafuta wasiwasi uliomo ndani ya ombi. Mpitiaji hakuwa na shida na fomula. Aliona neno "hazina tofauti" likamtia shaka, akashika chombo kilichokuwa karibu. Shaka yake ilikuwa ya haki, ila chombo hakikufaa.

> Hoja 1.4. "Wakokotoe nguvu ya kitakwimu kwa kutumia tofauti ya uotaji waliyoiona, ili tujue kama kaya zilitosha."
>
> Jibu: Tunakubaliana na mpitiaji kwamba maneno "hazina tofauti" yalikuwa mazito kuliko data zetu, na tumeyaondoa. Hata hivyo, hatukuongeza hesabu ya nguvu inayotokana na tofauti iliyoonekana, kwa kuwa hesabu hiyo huzaliwa na matokeo yaleyale na haiongezi taarifa (Hoenig na Heisey, 2001). Ili kujibu wasiwasi wa mpitiaji, tumeweka masafa ya asilimia 95 ya tofauti hiyo (uk. 10, mst. 221–225). Maandishi mapya ni: "Hatukuona tofauti ya wazi katika uotaji (2 katika kila mbegu 100, masafa ya asilimia 95: kutoka −3 hadi 7). Data zetu haziwezi kuondoa uwezekano wa tofauti ya hadi mbegu 7." Pia tumeeleza kwamba idadi ya kaya ilipangwa kwa kuangalia fedha na muda, bila hesabu ya awali (uk. 5, mst. 109–111).

Ombi limekataliwa, na bado andiko limebadilika mahali pawili. Hiyo ndiyo siri niliyochelewa kuijua. Jibu la "hapana" lisiloacha alama yoyote kwenye andiko humfanya mhariri aone watu wawili wanabishana, na yeye hana mizani ya kuwapimia. "Hapana" inayokuja na sentensi mpya humwonyesha kwamba hoja ilisikilizwa na imefika mahali. Hata pale mpitiaji aliposoma vibaya kabisa, akadai hukusema jambo ambalo limeandikwa ukurasa wa nne, usimwambie arudi asome ukurasa wa nne. Ikiwa mtaalamu aliyelipitia andiko kwa uangalifu hakuliona, mkulima au mwanafunzi ataliona? Ihamishe sentensi ile mbele kidogo, mwambie umeihamisha.

Ona pia ule ungamo wa mwisho, kwamba kaya zilipangwa kwa fedha na muda. Mpitiaji hakuuliza hivyo moja kwa moja. Lakini kuna kishawishi kikubwa cha kurudi nyuma na kutunga hesabu ya awali inayotoa 60 kamili. Watu hufanya. Hujulikana kwa sababu namba hutoka safi mno na makisio yake yanafanana ajabu na matokeo yaliyopatikana. Huo tayari ni udanganyifu, na ukigundulika hauishii kwenye hoja moja.

Hoja ya 2.5 ilitaka jaribio liendelezwe hadi miezi 12. Hili halikuwezekana: mifuko ilikwisha kufunguliwa, mahindi yakaliwa au kuuzwa. Jibu la mazoea ni kuandika kwamba jambo hilo "liko nje ya upeo wa utafiti huu," na wahariri wamelichoka, kwa sababu upeo ni mwandishi mwenyewe aliyeuchora. Watafiti wetu walisema wazi kwamba mifuko imefunguliwa na kwamba mwaka wa pili ungehitaji mavuno mapya na fedha mpya. Kisha wakaangalia madai yao, wakakuta kichwa cha andiko kinasema mfuko unalinda mahindi "katika msimu wa hifadhi." Wakakibadili kikasema "kwa miezi sita." Neno moja likafuata jingine hadi kwenye hitimisho, na hoja ikafungwa.

Ila mbinu hii ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua mapema. Kabla ya kukataa kufanya kipimo kilichoombwa, jiulize: kama kipimo hicho kingetoa matokeo ya kinyume, dai langu kuu lingebaki limesimama? Likibaki, unaweza kukataa kwa hoja na kupunguza maneno. Likianguka, hakuna barua itakayokuokoa hata ikiandikwa na malenga. Ama ufanye kipimo, ama uliondoe dai.

Hoja nyingine hazistahili wino mwingi. Mpitiaji wa kwanza alitaka sehemu ya bei za mifuko iondolewe, wa pili akataka ipanuliwe. Hapo huwezi kuwaridhisha wote, na usijaribu kwa kuandika kila mmoja jibu lake kana kwamba mwenzake hayupo. Mweleze mhariri kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ripoti zinagongana, chagua, toa sababu, na mwachie nafasi ya kusema vinginevyo. Makosa ya tahajia yote yanajibiwa kwa mstari mmoja. Halafu kuna yule mpitiaji anayeorodhesha makala tano "muhimu" ambazo lazima zitajwe, na ukizitazama unakuta zote zina jina lilelile la mwandishi. Zisome kwanza, maana huenda moja inafaa kweli. Itaje hiyo, useme imeingia wapi, na kwa nyingine useme kwa adabu kwamba zinahusu mazao au mazingira mengine. Ukiona ni shinikizo, mwandikie mhariri kando. Miongozo ya COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, haimruhusu mpitiaji kudai atajwe kwa ajili tu ya kujiongezea idadi ya kutajwa.

Anayetaka kuona jinsi ya kutoandika barua hii atazame Princeton mwaka 1936. Albert Einstein na msaidizi wake Nathan Rosen walipeleka kwenye jarida la Physical Review andiko lililodai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, alilituma kwa mpitiaji, nalo likarudi na ripoti ndefu ya kurasa kumi ikionyesha kosa katika hesabu. Tate akampelekea Einstein ripoti hiyo na kumwomba maoni yake. Einstein alikuwa amezoea majarida ya Ujerumani ambayo yalichapisha kazi yake bila maswali. Alijibu kwa aya fupi kwamba hakuwa amempa mhariri ruhusa ya kumwonyesha mtaalamu yeyote andiko lake kabla halijachapishwa, kwamba haoni sababu ya kujibu hoja za mtu huyo asiyetajwa, na kwamba analiondoa. Hakugusa hata hoja moja.

Mpitiaji alikuwa sahihi. Alikuwa Howard Percy Robertson, naye alirudi Princeton mwaka huohuo, akafanya urafiki na msaidizi mpya wa Einstein, Leopold Infeld, na kumwonyesha kosa lilipo bila kusema kwamba yeye ndiye aliyeandika ripoti. Habari zikamfikia Einstein. Andiko lilipotoka mwaka 1937 katika jarida jingine, hitimisho lilikuwa limegeuzwa, na mawimbi yakawa yanawezekana. Yaligunduliwa kwa vyombo mwaka 2015. Kwa maneno mengine, marekebisho makubwa yalifanyika, ila kwa kupitia mazungumzo ya jirani badala ya barua. Einstein aliweza kumudu njia hiyo. Sisi wengine hatuna Robertson wa kupita mlangoni na kutueleza kosa letu kwa upole.

Kosa letu sisi wa huku mara nyingi huwa la upande wa pili. Tumelelewa kwamba hewala haigombi, na mkubwa akisema jambo unaitikia. Mpitiaji asiye na jina tunamfanya mzee wa baraza. Tunajaza barua "kwa heshima na taadhima" na "tunashukuru mno kwa busara zake" kila hoja, tunakubali mambo yanayoliharibu andiko, kisha tunashangaa wapitiaji wanapouliza kwa nini sehemu ya tatu sasa inapingana na ya tano. Shukrani moja mwanzoni inatosha, na nyingine mahali ambapo mpitiaji kweli amekuokoa, kama kwenye zile kaya saba. Ukimshukuru kwa kila nukta, mhariri anaruka aya zako akitafuta jibu liko wapi. Adabu ya barua hii iko katika kunukuu maneno ya mtu kikamilifu, kumjibu alichouliza, na kumwonyesha mahali. Maneno "tumelifikiria pendekezo hili, na hatukulifuata kwa sababu" ni ya heshima kabisa, mradi sababu ifuate.

Barua ya watafiti wetu ilipokamilika ilikuwa na kurasa tisa kwa andiko la kurasa kumi na sita. Si ajabu. Jibu la kila hoja lina hoja yenyewe ndani yake, na maandishi mapya pia, kwa hiyo barua hurefuka kuliko mtu anavyotarajia.

Kilichobaki ni kazi ya mikono. Andiko safi na andiko lenye alama za mabadiliko havina mistari inayolingana, kwa sababu maneno yaliyofutwa bado yanachukua nafasi kwenye la pili. Mwandishi akiandika namba akiwa amefungua hili, mhariri akasoma akiwa amefungua lile, kila kitu kinaangukia pembeni. Tena ukiongeza sentensi mbili ukurasa wa tatu baada ya kumaliza barua, namba zote zinazofuata zimesogea. Kwa hiyo namba za mistari huandikwa mwisho kabisa, andiko likiwa limefungwa na halitaguswa tena. Chapisha nakala safi, keti na penseli, mwenzako akusomee barua kwa sauti: ukurasa wa kumi, mstari wa 221. Ukikuta pale pana jedwali la bei badala ya uotaji wa mbegu, rudini hoja ya kwanza.